Uzoefu wangu: ujumbe wa onyo la bima ya maisha ulivyonikosesha kinga, na tulivyouandika upya

Nina bima ya maisha yenye akiba, mwaka wa pili sasa. Ada ni Sh 50,000 kila tarehe 5 ya mwezi. Mwezi Machi sikulipa, maana mshahara ulichelewa. Tarehe 22 Machi nikapokea ujumbe huu kwenye simu:

"Ndugu Mteja, bima yako ipo hatarini kusitishwa kutokana na malimbikizo ya ada. Tafadhali lipa ndani ya siku 30 ili kuepuka usumbufu."

Nikahesabu siku 30 kuanzia siku niliyousoma, nikapata tarehe 21 Aprili. Tarehe 15 Aprili nikalipa ada mbili, ya Machi na ya Aprili, jumla Sh 100,000. Risiti ikaja na ujumbe wa kunishukuru. Nikalala nikijua mambo yamekwisha.

Wiki moja baadaye wakala wangu akanipigia. "Kaka, pole. Bima yako ilikoma tarehe 4 Aprili. Hela yako ipo, lakini imewekwa pembeni tu, haijaingia kwenye mkataba." Siku 30 za neema, ambazo kinga huendelea hata kama ada haijalipwa, zilihesabiwa tangu tarehe ya ada, 5 Machi, wala si tangu siku ya ujumbe. Kumbe siku ule ujumbe uliponifikia, nilikuwa nimebakiwa na siku 13.

Kuhuisha nako kulikuwa na hatua zake. Nilijaza fomu ya kutangaza afya, na kwa kuwa nilikuwa nimeanza dawa za presha mwezi Februari, nikatakiwa kupimwa na daktari kwa gharama yangu. Nikalipa na riba ya malimbikizo. Barua ya kukubaliwa ilitoka tarehe 9 Mei. Katikati hapo, zaidi ya mwezi mzima, wanangu hawakuwa na kinga yoyote, na mimi nina risiti mfukoni.

Nilikwenda tawini na karatasi niliyoandika jinsi ambavyo ujumbe ungepaswa kusomeka. Nawasifu kwa hili: meneja alinipa kiti na tukaupitia neno kwa neno, mtu wa sheria akiwa kwenye simu.

Jambo la kwanza lilikuwa tarehe. "Ndani ya siku 30" ikafutwa, ikawekwa siku yenyewe ya mwisho. La pili lilikuwa neno "usumbufu". Mtu anayesoma usumbufu anafikiria foleni, hafikirii familia kukosa malipo. Mimi niliandika "ukifariki". Wao wakaona ni kali mno, wakapendekeza "tukio lenye bima likitokea". Nikawaambia mama yangu hataelewa tukio gani. Tukakubaliana "msiba ukitokea", maneno ambayo kila mtu anayaelewa bila kuogopeshwa.

La tatu nilishindwa, na naona walikuwa sahihi. Niliandika "utahuishiwa bima". Mwanasheria akakataa, kwa sababu kampuni inaweza kukataa maombi ikiona afya imebadilika. Likawa "unaweza kuomba kuhuisha". Ujumbe ukasomeka hivi:

"Ada yako ya Sh 50,000 ya tarehe 5 Machi haijatufikia. Kinga yako inaendelea hadi mwisho wa siku ya tarehe 4 Aprili. Msiba ukitokea kabla ya hapo, wanufaika watalipwa, na ada unayodaiwa itakatwa kwenye malipo hayo. Kuanzia tarehe 5 Aprili bima itakuwa imekoma na hatutalipa madai ya msiba utakaotokea kuanzia siku hiyo. Baada ya hapo kulipa ada peke yake hakurudishi kinga. Unaweza kuomba kuhuisha: jaza fomu ya afya, lipa malimbikizo na riba, kisha subiri barua yetu ya kukubali."

Sentensi ya kulipa ada peke yake ndiyo niliyoipigania zaidi, kwa kuwa ndiyo iliyoniumiza. Na ile ya kinga kuendelea hadi siku ya mwisho ina uzito wake pia: mjane anayekuta ujumbe kwenye simu ya marehemu asije akadhani hana cha kudai.

Ujumbe huu unafaa kwa mkataba mchanga kama wangu. Aliyelipa miaka mingi huwa ana thamani ya akiba ndani ya mkataba, na bima yake inaweza kubaki kwa kiasi kilichopunguzwa badala ya kufa kabisa. Huyo anastahili ujumbe wake, na tawi lilisema bado wanauandaa.

Ada ya Juni nilichelewesha tena. Tarehe 10 ujumbe ukaja, mstari wa pili ukitaja tarehe 5 Julai. Nililipa tarehe 28 Juni, na safari hii nikampigia wakala kuhakikisha hela imeingia kwenye mkataba. Imeingia. Nawapa nyota tatu kati ya tano. Ya nne nitawapa ujumbe wa wateja wa muda mrefu utakapotoka.