Mtoto wa miaka 13 kaacha kuongea nyumbani: ununue kitabu gani kwanza?

Mwanangu alipofika 13 alianza kunijibu kwa mabega, na siku ikiwa mbaya kwa mlango. Nilinunua vitabu vitatu. Vyote ni vya Kiingereza, na kila kimoja kina mtoto wake.

Ukiwa na pesa ya kimoja tu, chukua How to Talk So Teens Will Listen & Listen So Teens Will Talk, cha Adele Faber na Elaine Mazlish (2005). Lugha yake ni nyepesi na kina michoro ya katuni inayoonyesha mzazi akikosea, kisha akisema vizuri. Hata ukiwa umechoka, kurasa mbili usiku zinakupa la kujaribu kesho.

Chukua hili. Mtoto anaingia, anatupa begi: "Mwalimu wa hesabu ananichukia." Mimi nilizoea kuuliza, "Umefanya nini tena?" na mazungumzo yakaishia hapo. Kitabu kinakufundisha kuitaja hisia yake, kisha unyamaze: "Inaelekea amekuumiza sana leo." Mara ya kwanza alisema "Eeh" tu, akaenda kula. Siku ya tatu, tukichambua mchicha, akanieleza mwenyewe kwamba alama zake zilisomwa kwa sauti mbele ya darasa. Kunyamaza baada ya ile sentensi ndiko kugumu. Ukiongeza ushauri tu, anajifunga tena. Upungufu wake ni kwamba lazima mtoto atamke angalau neno moja ndipo upate pa kushika.

Kama ni binti, anza na Untangled cha Lisa Damour (2016). Anamfananisha msichana na mwogeleaji, mzazi akiwa ukingo wa bwawa: akichoka huja kuushika, akishapata pumzi huusukuma kwa nguvu aondoke. Mama aliyefunguliwa moyo jioni na kununiwa asubuhi atalielewa hilo mara moja. Kila sura hufunga kwa kueleza ni lini uwe na wasiwasi kweli. Kwa mvulana, kiache.

Cha tatu ni The Explosive Child cha Ross Greene, kwa kimya kinacholipuka kuwa ugomvi. Anataka uchague jambo moja, mkiwa mmetulia, umsikilize mtoto analionaje kabla hujasema lako, ndipo mtafute suluhisho pamoja. Kinahitaji subira kukisoma.

Kabla ya kulipia kitabu kingine chochote, fungua kurasa za mfano mtandaoni utafute mazungumzo ya mzazi na mtoto. Kama mzazi ndiye anayesema muda wote, usikinunue.

Na kama kimya kimekuja ghafla, mtoto halali, hali, au anazungumzia kufa, usingoje kitabu. Mpeleke hospitali leo. Kenya na Tanzania, namba 116 ya msaada kwa watoto hupigwa bure.