Uzoefu wangu: upepo, miiba na kujaza povu kwenye tairi za trekta ya kukatia nyasi

Ninasimamia viwanja vya shule moja upande wa Usa River, nje kidogo ya Arusha. Mashine tunayotumia ni trekta ndogo ya kukalia yenye deki ya visu ya inchi 42. Mbele ina tairi za 15x6.00-6 na nyuma 20x8.00-8, zote tyubulesi. Saizi hizo zimo kwenye trekta nyingi za aina hii, kwa hiyo ninayoeleza yatamfaa hata mwenye mashine ya rangi nyingine. Nimetumia dawa ya kuziba pancha, nimetumia tyubu, na sasa magurudumu mawili ya mbele yamejazwa povu la mpira. Povu la mbele limenilipa. Nyuma sitaliweka. Na kabla ya kununua chochote kati ya hivyo, upepo lazima kwanza ukae sawa.

Kitabu cha mashine yetu kinasema 14 PSI mbele na 10 nyuma. Aliyezoea gari akisikia namba hizo anadhani umekosea, maana kwake tairi ya 10 imeshakufa. Ukimpelekea fundi pancha gurudumu la trekta bila maelezo, atalijaza kama la Noah na kukurudishia kwa fahari: "Mzee, nimekupigia 30, imekaa ngumu kabisa." Ngumu kweli. Ila ukipanda nayo kwenye nyasi, mashine inarukaruka, deki inaruka pamoja nayo, na mkato unatoka mawimbi. Tairi ya nyuma iliyojaa kupita kiasi inagusa ardhi kwa ukanda mwembamba wa katikati tu, kwa hiyo inateleza kwenye mteremko na kuchimba mfereji kwenye udongo ulionyeshewa. Namba kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha juu. Kipimo cha kufanyia kazi kimo kwenye kitabu, au kwenye kibandiko kilichoko chini ya kiti.

Upepo ukipungua sana nako kuna balaa lake. Ukikata kona kwenye mteremko, tairi inajikunja pembeni na ukingo wake unachomoka kwenye rimu, upepo wote unatoka kwa mara moja. Hapo huna pancha, lakini hutembei.

Geji ya gari inayosoma hadi 100 haifai kwa kazi hii, kwani huko chini mshale hauoneshi tofauti ya 8 na 12. Tafuta geji ya upepo mdogo, inayoishia 20 au 30. Pima asubuhi mashine ikiwa imepoa. Usipime mara mbilimbili kwa wasiwasi, kwa sababu tairi ndogo ina hewa kidogo na kila ukibonyeza valvu inapungua.

Kwa nini tofauti ya PSI chache iwe na maana? Kwenye trekta hizi deki imening'inizwa kwenye fremu, na fremu imekaa juu ya tairi. Tairi moja ikilala, deki nayo inainama upande huo. Msimu wa mvua uliopita uwanja wa mpira ulianza kutoka na mistari: kila mpito upande mmoja nyasi fupi, upande mwingine ndefu. Kijana anayeendesha akasema deki imepinda, na fundi wa mashine alishakuja na spana zake tayari kulegeza vining'inizo. Nikamwomba asubiri. Tukaiegesha kwenye sakafu ya zege, tukachomoa waya wa plagi, tukavaa glavu na kupima kutoka ncha ya kisu hadi chini. Kulia milimita 68, kushoto 75. Kisha tukapima upepo wa nyuma: kushoto 10, kulia 5. Tukajaza kulia hadi 10, tukapima tena, na tofauti ikabaki milimita 1. Hatukugusa boliti hata moja. Angerekebisha deki juu ya tairi iliyolala, siku tairi inajazwa mkato ungeharibika upya, safari hii kwa upande wa pili.

Sasa miiba. Hapa kwetu adui ni mgunga, ule wenye miiba ya aina mbili, mirefu iliyonyooka na mifupi iliyopinda kama ndoana. Ile ya ndoana inakwaruza tu. Mirefu myeupe ndiyo inayopenya, kisha inakatika sawasawa na uso wa mpira, ncha inabaki ndani na kwa nje huoni kitu. Tairi inashuka polepole usiku kucha. Kuipata, lowesha tairi kwa maji ya sabuni na usubiri mapovu, halafu pitisha kidole ndani ya mpira ukiwa umelivua gurudumu, taratibu, kwa sababu ncha hiyo inachoma. Ukiuona mwiba uwanjani ungali umejichomeka, usiuchomoe hapo. Tyubulesi yenye mwiba ndani yake inavuja kidogo tu, itakufikisha karakana. Ukichomoa, unatembea kwa miguu.

Tyubu haikutusaidia. Watu huiweka wakidhani ni ngao, kumbe ni mpira mwembamba zaidi, na ncha zilizobaki kwenye tairi zinaitoboa siku hiyo hiyo. Tyubu ina kazi pale rimu imeliwa na kutu na haishiki upepo ukingoni, au tairi imechakaa ubavuni, lakini kwanza uhakikishe ndani ni safi.

Ile dawa ya kijani ya kumimina ndani ya tairi naipa alama nzuri kwa magurudumu ya nyuma. Unatoa sindano ya valvu, unakamulia kiasi kilichoandikwa kwenye chupa kwa saizi yako, unajaza upepo, kisha unaendesha papo hapo ili ienee. Mwiba ukipenya, nyuzi zilizomo kwenye dawa zinajisokota kwenye tundu na kuliziba. Mipaka yake ni kwamba inaziba matundu madogo ya kwenye meno ya tairi, siyo mpasuko wa ubavuni, na baada ya miaka miwili hivi inakauka au kupoteza nguvu. Mwambie pia fundi pancha kwamba ndani kuna dawa kabla hajavua, maana atalazimika kuosha kabla ya kubandika kiraka, na asipoonywa atakulaani.

Ukivua gurudumu la nyuma, tazama kwenye ekseli. Baada ya kutoa klipsi na wosha utaona kii, kipande kidogo cha chuma cha mraba kinachokaa kwenye mfereji. Kikidondokea kwenye nyasi usikione, gurudumu litarudi mahali pake vizuri tu, ila injini itazungusha ekseli na gurudumu litasimama. Nafanya kazi hiyo juu ya turubai.

Kurudisha upepo kwenye tairi iliyochomoka ukingoni, funga mkanda wa kukazia mizigo kuzunguka meno ya tairi, ukaze hadi kingo zitanuke ziguse rimu, paka sabuni, toa sindano ya valvu na uingize upepo kwa nguvu ya kompresa. Kingo zikishaanza kushika, legeza mkanda. Usipitishe 35 PSI ukisubiri mlio wa kukaa, na usimruhusu mtu amwage petroli na kuwasha kibiriti kama wanavyofanya baadhi ya madereva wa malori.

Pamoja na dawa hiyo, magurudumu ya mbele yaliendelea kutusumbua. Ndiyo yanayotangulia kwenye nyasi ambazo hazijakatwa, hasa kandokando ya uzio ambako matawi ya mgunga hudondoka. Ndipo nikayapeleka kwenye karakana inayohudumia mitambo mizito. Povu lenyewe ni kimiminika cha aina mbili kinachochanganywa kikiingizwa, kisha kinageuka kuwa mpira laini usio na hewa. Gurudumu linasimamishwa, povu linapampiwa kupitia valvu, na juu kwenye meno wanatoboa kitundu kidogo cha kutolea hewa. Povu likichungulia kwenye kitundu wanakaza skrubu, kisha wanaendelea kupampu hadi PSI uliyowaambia. Hapo ndipo pa kusema "14", kwa sababu likishaganda hubadilishi tena. Walituambia tusiliguse kwanza kwa siku nzima. Ile skrubu bado inaonekana katikati ya meno ya tairi.

Kila gurudumu liliongezeka karibu kilo 9. Mbele nimeipokea bila malalamiko, hata usukani umetulia tunapovuta kikapu cha nyasi kilichojaa nyuma. Kwenye mashimo, hata hivyo, dereva anausikia mtikisiko mikononi, na bushi za magurudumu sasa tunazipaka grisi mapema kuliko zamani. Baada ya kufunga tulipima deki upya, kwa kuwa kimo cha mbele kilikuwa kimebadilika kidogo. Gharama ya kujaza mawili ilizidi bei ya tairi mbili mpya. Tangu hapo hatujavua gurudumu la mbele, na miiba iliyokatikia humo imeachwa ilivyo.

Nyuma hesabu ni nyingine. Tairi ya 20x8.00-8 inakula povu la zaidi ya kilo 20, kwa hiyo mawili yanaongeza zaidi ya kilo 40 kwenye giaboksi ndogo ambayo haikutengenezwa kwa mzigo huo, na uzito huohuo unakandamiza uwanja uliolowa. Aliye na mashine nzito ya kazi za kila siku kwenye mawe au mabaki ya ujenzi anaweza kuona faida. Kwa uwanja wa mpira, hapana. Mwenye zile mashine zinazogeuka papo hapo, zenye vigurudumu vidogo vya mbele vinavyozunguka vyenyewe, aulizie kwanza magurudumu yaliyotengenezwa bila upepo kiwandani. Ni mepesi kuliko ya povu na yanafungwa moja kwa moja.

Kabla ya kulipa, angalia tairi unayoijaza. Povu halitoki tena. Tairi ikiisha meno inakatwa kwa msumeno na povu lake, na mara nyingine rimu inaenda nayo. Kuweka povu kwenye tairi yenye nyufa ni kulipia kifusi, kwa hiyo sisi tulinunua kwanza tairi mpya za plai 4. Na yale makopo ya povu la kuzibia madirisha yanayouzwa dukani, ambayo watu hushauriana kuyapulizia ndani ya tairi, hayafai kabisa. Povu lile huganda kwa unyevu wa hewa. Ndani ya tairi iliyofungwa linabaki ute katikati, na hata lililoganda linasagika kwa uzito wa mashine.

Kama uwanja wako hauna miiba wala misumari, usinunue chochote kati ya hivi zaidi ya geji ya upepo mdogo.