Vitabu vya kusoma vya mtoto wa miaka 6: kipi uchukue kwanza, kipi uache dukani

Ukiingia maduka ya vitabu na vifaa vya shule ya Ngamiani, hapa Tanga, utakuta vitabu vya hadithi vimeandikwa umri au darasa kwenye jalada. Usinunue kwa kuangalia hapo. Watoto wawili wa miaka 6 wanaweza kukaa dawati moja, mmoja bado anaunga "ba" na "ba", mwenzake anasoma tangazo la duka. Nenda na mtoto mwenyewe, mfungulie ukurasa wa katikati, asome.

Mfano ni binti wa dada yangu, yuko darasa la kwanza. Ukurasa wa kitabu cha kwanza ulikuwa wa namna hii: "Mvuvi ametoka pwani. Ana kapu. Kapu lina nini? Kapu lina samaki. Samaki wa nani? Samaki wa bibi. Bibi anacheka sana." Ni maneno 20. "Mvuvi" akalisoma "muvuvi" na hakurudi kulisahihisha. Nikahesabu kosa moja. "Pwani" alianza na "pa", akasita, akalirekebisha mwenyewe. Hilo si kosa, tena ni dalili nzuri, maana anasikiliza anachosoma. Kosa 1 katika maneno 20 maana yake kitabu hicho anaweza kukisoma peke yake. Makosa 2, asome nawe pembeni. Yakifika 3 au zaidi, kirudishe rafuni.

Kitabu cha pili kilikuwa na picha nzuri zaidi na jalada lilitaja darasa lilelile, lakini ndani mlikuwa na maneno kama "wakamwambia" na "hawakumkuta". Hapo ndipo Kiswahili kinapomchosha mtoto. Neno ni moja, silabi tano: wa-ka-mwa-mbi-a. Akifika "a", "wa" imeshamtoka kichwani. Kwa hiyo usiangalie tu wingi wa maneno kwenye ukurasa, angalia na urefu wake. Kwa anayeanza, maneno ya silabi mbili au tatu yawe mengi, na yenye miambatano kama mb, ng', nyw na mw yaje machache machache.

Akimaliza ukurasa, muulize kapu lilikuwa na nini. Asipojua, macho yamepita tu juu ya herufi. Na kama anasoma haraka kupita kiasi, ziba picha kwa kiganja, kisha umwonyeshe neno moja moja kuanzia mwisho wa sentensi. Aliyekariri atakwama hapo hapo.

Kwa mpangilio wangu, nafasi ya kwanza ni kitabu chembamba cha hadithi moja, sentensi fupi chache kwa ukurasa, maneno yaleyale yakirudiwa. Katika ukurasa wa mvuvi, "kapu" na "samaki" yamekuja mara tatu kila moja. Mara ya tatu mtoto haungi tena silabi, analitambua neno zima. Nunua viwili vya kiwango kimoja kabla ya kupanda.

Ya pili ni hadithi za bure za africanstorybook.org, zipo nyingi za Kiswahili na zimepangwa kwa viwango, kuanzia maneno ya kwanza, kisha sentensi za kwanza, kisha aya. Zinaruhusiwa kuchapwa, basi chagua moja, peleka steshenari wakuchapie na kuibana pini. Soma yote wewe kwanza, kwa sababu tafsiri nyingine si laini.

Ya tatu ni kitabu cha silabi, kile cha "ba be bi bo bu". Kinafaa ikiwa mtoto bado anachanganya b na d au anakwama kwenye silabi nyepesi. Dakika chache zinatosha, kisha mpe hadithi. Ukimpa hicho tu kila jioni, ataona kusoma ni kuimba ba be bi bo bu basi.

Kitabu kinene cha ngano nakiweka cha nne, na nakipenda sana, ila msomaji awe wewe. Sungura na fisi wanamfunza maneno ambayo atayakuta baadaye akisoma mwenyewe. Usimwambie "haya, soma wewe sasa".

Cha mwisho ni cha Kiingereza, kwa mtoto ambaye Kiswahili bado anakiunga. Amezoea kwamba "a" ni "a" popote ilipo. Huko herufi hiyohiyo hubadilika sauti kila neno. Kisubiri hadi asome sentensi za Kiswahili bila kusitasita.

Kama bajeti haitoshi, Maktaba ya Mkoa pale mjini mpeleke asome kadhaa kwa kipimo kilekile cha maneno 20, ndipo ujue kiwango cha kununua. Na akitaka kurudia kitabu alichokimaliza jana, mwache akirudie.