Piramidi mbili za idadi ya watu: Tanzania 2022 na Kenya 2019

Anza chini, kwenye mihimili ya umri mdogo kabisa. Kwenye piramidi ya Tanzania kitako ni kipana: walio chini ya miaka 15 ni karibu asilimia 43, na wa miaka 15 hadi 64 ni kama 53. Gawa 43 kwa 53, zidisha kwa 100: kila watu 100 wa umri wa kufanya kazi wanategemewa na watoto takriban 80. Kenya, kwa asilimia 39 na 57, ni watoto 68 hivi.

Kitako cha Kenya kimebanwa kidogo: watoto wa miaka 0–4 ni wachache kuliko wa 5–9. Huenda wachanga wengine hawakuhesabiwa (hutokea sana kwenye sensa), lakini uzazi nao umeshuka, hadi watoto 3.4 kwa mwanamke mwaka 2022, Tanzania ikiwa 4.8.

Hapa ndipo wanafunzi wengi huteleza, wakiandika kwamba Kenya itapungua. Hapana. Wasichana waliojaa kwenye mihimili ya 5–14 bado hawajaanza kuzaa. Kenya itaongezeka kwa miongo kadhaa, ila polepole kuliko Tanzania.