Uzoefu wangu: duka la nguo la mtandaoni lililoandika wazi utaratibu wa kubadilisha na kurudisha

Mimi naishi Morogoro na nguo zangu nyingi nanunua Dar kwa simu. Naona picha Instagram, naulizia saizi, nalipia kwa M-Pesa, mzigo unapanda basi, naufuata stendi ya Msamvu. Mnaonunua hivi mnajua hofu yetu iko wapi. Mzigo kufika siku hizi unafika. Hofu inaanza ukishafika, ukavaa nguo, zipu ikagoma kupanda. Maduka mengi hapo hayana jibu, au jibu lao ni lile la kwenye risiti za Kariakoo: mali ikishauzwa hairudishwi.

Leo nataka kulisifia duka moja la Sinza, na nalisifia kwa kapsheni. Wameibandika juu kabisa kwenye ukurasa wao, kabla ya picha ya nguo yoyote, nayo inasema hivi:

"Wapendwa wetu, karibuni sana! Kabla hujalipia, tusomane kidogo. Nguo haijakukaa? Usiwe na wasiwasi, tunabadilisha. Mkiwa Dar mna siku 3, mikoani siku 5, na tunahesabu kuanzia siku uliyoishika nguo mkononi, siyo siku uliyolipia. Ukifungua mzigo, rekodi video fupi, itatusaidia sote. Kujaribu ni ruksa! Tunachoomba nguo irudi haijavaliwa kutoka nayo, haijafuliwa, haina marashi wala poda, na lebo yake ipo. Kosa likiwa letu (saizi siyo, rangi siyo, imechanika, au vipimo havilingani na tulivyoandika) nauli yote ni juu yetu, kwenda na kurudi. Ukiwa umebadili tu mawazo, nauli ya kuturudishia ni yako, ya kukutumia nyingine ni yetu. Saizi yako ikiwa imeisha, chagua nguo nyingine au tukurudishie pesa kwenye namba ile ile uliyolipia, ndani ya siku 2 za kazi tangu nguo itufikie. Nguo za ndani, za kuogelea na hereni hazirudi, kwa ajili ya usafi, labda ziwe na kasoro. Una swali? Tuulize hata kama hununui."

Niliisoma nikaona huyu aliyeandika amewahi kugombana na wateja na akakaa chini kufikiria ugomvi ulianzia wapi. Chukueni hilo la siku kuhesabiwa kuanzia mzigo unapofika mkononi. Kwa mtu wa Dar anayeletewa na bodaboda mchana ule ule halina uzito. Sisi wa mikoani ndio tunaolijua. Unalipia Ijumaa jioni, mzigo unapelekwa stendi ya Magufuli Jumamosi, unalala ofisi ya basi kwa sababu hukupigiwa simu, unaupata Jumatatu. Duka likihesabu siku 3 kuanzia ulipolipia, muda wako umeisha kabla hujakata gundi ya mfuko. Kuna duka lilinifanyia hivyo hivyo, na dada wa huko akanijibu kwa upole kabisa kwamba muda umepita. Sheria yao ilikuwepo, ila neno moja la "kuanzia lini" halikuwepo, na wao wakalijaza wanavyotaka.

Sasa niwaeleze ilivyokuwa kwangu. Nilikuwa natafuta gauni la sendofu ya binti wa dada yangu, na rangi ya familia ilikuwa bluu ya bahari. Duka hili walikuwa nalo kwa shilingi 48,000. Chini ya picha waliandika kifua inchi 42, kiuno inchi 36, urefu inchi 54, kitambaa hakivutiki. Mimi kifua changu ni inchi 40, na kitambaa kisichovutika kinataka inchi 2 za ziada ili uweze kuinua mikono na kupumua. Vipimo vilikaa sawa. Nikalipa, pamoja na 5,000 ya kutuma kwa basi.

Gauni lilikuja zuri, mshono safi, lebo imeandikwa XXL. Lakini zipu ya ubavuni ilifika chini ya kwapa ikakataa. Nikalilaza kitandani, nikalinyoosha bila kulivuta, nikachukua futi ya fundi nikapima kutoka kwapa hadi kwapa. Inchi 19 na nusu. Ukizidisha mara mbili unapata 39. Nikapiga picha futi ikiwa juu ya nguo, namba zinasomeka, nikaituma WhatsApp pamoja na namba ya oda na ile video ya kufungulia mzigo.

Kipimo hicho ndicho kilichoamua mambo yote. Ningeandika tu "gauni limenibana," mjadala ungekuwa juu ya mwili wangu: dada labda umenenepa, dada labda ungechukua saizi kubwa. Na XXL ya lebo haithibitishi kitu, kwa sababu nguo nyingi zinazoingia kutoka China zinakatwa ndogo, XXL ya kiwanda hiki ni XL ya kile. Futi ikiwa juu ya nguo, linabaki swali moja: waliandika 42, nguo ina 39. Kwa hiyo kosa ni la nani, na nauli ni ya nani, vinajulikana bila mtu kupandisha sauti.

Jibu lilikuja jioni ile. "Pole sana dada yangu, hilo ni letu. Tulipima moja la mzigo wa mwanzo tukaandika vipimo hivyo hivyo kwa mzigo wa pili. Bluu kubwa imeisha, ipo kijani na maruni. Au nikurudishie pesa?" Kijani kwenye sendofu ya bluu kisingefaa, nikaomba pesa. Nikalifunga gauni na lebo yake, nikalipeleka Msamvu, nikalipa 5,000 ya basi na kumtumia picha ya risiti. Walipolipokea walinitumia 58,000: bei ya gauni, nauli ya kwanza, na nauli ya kurudisha. Hakuna aliyenipigia kunishawishi nichukue nguo nyingine.

Hilo la mwisho nalishukuru hasa. Maduka mengi yanayojiita yanabadilisha, yanabadilisha kweli, lakini pesa haitoki. Unaambiwa salio lako lipo dukani, chagua kitu. Mwezi unaisha, unachokitaka hakipo, na 40,000 yako imekaa mfukoni mwa mtu mwingine. Kama ndivyo duka linavyofanya, liandike hivyo, mteja aamue kabla ya kulipa. Neno "tunabadilisha" peke yake linaficha jambo hili, na neno "tunarudisha" lisilotaja ni nguo au ni pesa linaficha zaidi.

Mdogo wangu naye alinunua hapo suruali ya kitambaa. Ilimtosha vizuri ila hakuipenda akiivaa, akaomba rangi nyingine. Alilipa nauli ya kurudisha, wao wakalipa ya kumtumia mpya, kama kapsheni inavyosema. Hakununa, kwa sababu alijua tangu mwanzo.

Kuna wanaosema masharti ya marashi na poda ni kumnyanyasa mteja. Mimi naona ni haki yao. Gauni lililokwenda sherehe linajulikana: poda kwenye kola, harufu kwapani, mkunjo wa kukaa nyuma ya mapaja. Duka haliwezi kumuuzia mwingine kwa bei ya mpya, na mwingine huyo anaweza kuwa wewe. Nilipokuwa najaribu gauni langu nilinawa uso kwanza na sikujipulizia kitu. Na pesa kurudi kwenye namba ile ile iliyolipia ni kinga yetu wote wawili. Mtu aliyeshika simu yako au aliyeona namba ya oda hawezi kuandika "nitumie kwa namba hii nyingine" akaondoka na pesa yako.

Niseme pia kwamba kwenye kosa la maelezo, duka halimfanyii mteja hisani. Sheria yetu ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa inayouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Sisi wanunuzi wa mtandaoni tunanunua kwa maelezo na picha tu, nguo hatujaigusa. Kwa hiyo "mali ikishauzwa hairudishwi" isitumike kumnyamazisha mtu aliyeletewa inchi 39 badala ya 42. Mimi nilipenda kwamba hawa wameliandika hilo wenyewe, kwa lugha ya kumkaribisha mtu, bila herufi kubwa za kugomba na bila "usituchoshe."

Yapo ya kurekebisha. La kwanza ni makato. Kutoa zile pesa kwa wakala kulikuwa na ada, na kapsheni haisemi ada ya kutoa ni ya nani kosa likiwa la duka. Ni kiasi kidogo, ila kwa duka linalosema nauli yote ni juu yetu, wangemalizia na hilo. La pili, "siku 2 za kazi" hazijaelezwa kama Jumamosi imo. Duka linafunguliwa Jumamosi, wanauza na kupokea pesa, basi na kurudisha kuwepo. La tatu ni kubwa zaidi kwangu: kapsheni ipo juu ya ukurasa, lakini wengi wetu tunafika kwenye nguo kwa kutumiwa picha na shoga, hatupiti juu ya ukurasa. Wangeweka mistari miwili chini ya kila nguo: siku ngapi, nauli ya nani, na "soma zaidi juu." Nimewaandikia, wakasema wataanza na mzigo mpya.

Na vipimo wapime kila mzigo unapoingia. Wameniambia sasa wanafanya hivyo, na nguo nilizoziona juzi zimeandikwa tarehe ya kupimwa, na mojawapo imepigwa picha futi ikiwa juu yake, kwapa hadi kwapa.

Kwa wanaotaka kuagiza hapo au popote: kabla hujatuma pesa, piga picha ya skrini ya masharti yao ya siku hiyo, maana kapsheni huhaririwa. Kama duka halina masharti yoyote, uliza kwa WhatsApp maswali matatu tu: siku zinahesabiwa kuanzia lini, nauli ya kurudisha ni ya nani kosa likiwa lenu, na pesa inarudi au nguo tu. Ukijibiwa "usijali my, hutajuta" bila jibu lenyewe, subiri kwanza. Mimi kwa duka hili la Sinza nimeshaagiza tena, sketi mbili za kazini, na vipimo vyangu wanavyo.