Uzoefu wangu na S3: data ya senti 80, maombi ya karibu dola 300

Nimetumia Amazon S3, huduma ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, kwa miaka kadhaa na naipa nyota nne kwa moyo mweupe. Haijawahi kunipotezea faili hata moja. Lakini kuna jambo moja kwenye bei yake ambalo wengi tunalikuta tumeshachelewa, na mimi nililikuta kwa kosa letu wenyewe.

Kazi yetu ilikuwa kufuatilia malori 400 yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda bara. Kila lori lilituma taarifa za GPS, na programu yetu iliandika faili moja la JSON kwa kila lori kila dakika, ukubwa kama KB 2. Ilionekana safi kabisa: kila lori na folda yake, kila dakika na faili lake. Ripoti ya mafuta na vituo ilisoma siku 30 zilizopita kila usiku, na data iliyozidi siku hizo tuliifuta.

Piga hesabu. Malori 400 mara dakika 1,440 ni mafaili 576,000 kwa siku, sawa na milioni 17.28 kwa siku 30. Yote kwa pamoja hayafiki GB 35, na kwa bei ya kawaida ya kanda ya Amazon ya Virginia, dola 0.023 kwa GB, kuyahifadhi mwezi mzima ni senti 80 tu. Ila S3 inatoza pia kila ombi: kuandika ni dola 0.005 kwa maombi 1,000, kusoma ni dola 0.0004. Kuandika mafaili yale kulitugharimu dola 86.40 kwa mwezi. Ripoti moja ya usiku ilisoma yote milioni 17.28, dola 6.91 kila ikikimbia, yaani dola 207 kwa mwezi. Mizani ya bili ilikuwa hiyo: karibu dola 300 za kugonga mlango, senti 80 za kuweka mzigo ndani.

Na ripoti ilikuwa inakokota. Faili la KB 2 halichukui muda kusafiri, muda unaishia kwenye kuomba na kusubiri jibu. Ukikadiria milisekunde 50 kwa kila faili, mafaili hayo moja moja ni siku 10. Tulisoma 200 kwa wakati mmoja, bado ni dakika 72. Hapo sijahesabu kuorodhesha majina, kwa sababu orodha hutoka majina 1,000 tu kwa ombi, hivyo ni maombi 17,280 kabla hujasoma herufi moja. Tulikodi seva kubwa zaidi na hali haikubadilika, maana prosesa ilikuwa imekaa tu ikingoja.

Ukitaka kujua kama na wewe umo, kwenye Cost Explorer, ukurasa wa AWS wa kuchambua bili, panga matumizi kwa Usage Type. Gharama za maombi, yaani `Requests-Tier1` na `Requests-Tier2`, zikiizidi ile ya kuhifadhi, `TimedStorage-ByteHrs`, gawanya ukubwa wote kwa idadi ya mafaili:

```
aws s3 ls s3://ndoo-yako/gps/ --recursive --summarize | tail -2
```

Sisi tulipata KB 2. Kwa uchambuzi, lenga MB 128 na kuendelea.

Kabla ya hapo tulikuwa karibu kuongeza tatizo. Mteja alitaka data ikae mwaka mzima, tukafikiria kuihamishia Standard-IA, daraja la S3 la data isiyosomwa mara kwa mara, kwa kuwa GB yake ni nafuu. Nashukuru mwenzangu alikaa na kikokotoo. Kuhamisha ni dola 0.01 kwa mafaili 1,000, hivyo dola 172.80 kwa mafaili ya mwezi mmoja, na huko kila faili dogo linatozwa kama lina KB 128. Senti 80 zingekuwa dola 27 na ushee. Tangu Septemba 2024 kanuni mpya za lifecycle, zile zinazohamisha mafaili zenyewe, haziyahamishi mafaili madogo hivyo mpaka uziruhusu mwenyewe, na nauona uamuzi mzuri sana.

Tulichofanya ni kuweka programu katikati. Inapokea taarifa za malori yote, inaziandika kwenye diski yake kwanza ili isizipoteze ikizimika, kisha kila dakika tano inapeleka faili moja. Hayo ni mafaili 288 kwa siku, kuandika kukashuka hadi senti nne kwa mwezi. Usiku kazi nyingine inayaunganisha kuwa Parquet, muundo wa faili uliotengenezwa kwa uchambuzi, faili moja kwa siku. Tulijaribu kwanza kuyagawa kwa lori na saa, tukarudi kwenye mafaili 9,600 kwa siku, tukaacha. Sasa tunagawa kwa tarehe tu, na ndani tunapanga kwa namba ya lori.

Ripoti inamalizika chini ya dakika mbili. Tulichopoteza ni upya wa data, kwani inachelewa hadi dakika tano, hivyo ramani ya moja kwa moja inasoma hifadhidata ndogo pembeni, haisomi S3 kabisa.