Uzoefu wangu na kaiming_normal_, BatchNorm1d na njia za mkato kwenye mtandao wa tabaka 30

Nimetumia zana hizi tatu kwenye PyTorch kwa miezi kadhaa, na nataka kueleza kila moja ilinifaa wapi na ilikomea wapi. Kazi yenyewe ni ndogo: kutambua tarakimu zilizoandikwa kwa mkono, 0 hadi 9, kwa mtandao wa neva wa tabaka 30. Kila tabaka la ndani lina neva 256 na ReLU baada yake. Hakuna kingine nilichoweka, kwa sababu nilitaka kuona kina peke yake kinafanya nini.

Mafunzo yakaanza, kosa likasoma 2.303. Data yote ilipopita mara moja, 2.301. Mara ya tano, bado 2.301. Ukiiona namba hiyo imeganda, itambue: ni ln(10), kosa la mtandao unaozipa tarakimu zote 10 nafasi sawa bila hata kuitazama picha. Nikapunguza kasi ya kujifunza, nikaipandisha, nikabadilisha ukubwa wa bechi. Haikusogea. Siku mbili zilipotea hivyo, kumbe jibu lilikuwa kwenye mistari mitatu ambayo ningeiandika tangu mwanzo:

```python
for jina, p in model.named_parameters():
    if p.dim() == 2:
        print(jina, p.grad.norm().item())
```

Tabaka la mwisho lilikuwa na gradienti ya kawaida kabisa. Kadiri nilivyopanda kuelekea la kwanza, kila tabaka lilibaki na chini ya nusu ya kile kilichofika kwa jirani yake, na kwenye la kwanza namba iliishia na e-12. Hapo nikakaa na kalamu.

Usiposema lolote, `nn.Linear` yenye pembejeo 256 huchagua uzito wake kwa bahati nasibu kati ya -1/16 na 1/16. Mkengeuko wa kawaida wa namba hizo ni kama 0.036. Lakini ReLU inafuta takriban nusu ya ishara, hivyo ili nguvu isipungue wala kuongezeka kutoka tabaka moja hadi jingine, mkengeuko unatakiwa kuwa mzizi wa 2/256, yaani 0.088. Gawanya 0.036 kwa 0.088, unapata 0.41. Kila tabaka linazidisha kwa 0.41, ishara inapokwenda mbele na gradienti inaporudi nyuma. Zidisha 0.41 kwa yenyewe mara 30, unabaki na kama 0.000000000002. Ndiyo ile e-12 niliyoiona kwenye skrini.

Hesabu hiyo ilinieleza na jambo jingine lililokuwa limenisumbua. Tofauti kati ya picha ya 3 na picha ya 8 nayo ilikuwa ikipunguzwa vivyo hivyo njiani, hadi mwisho wa mtandao picha zote zilitoa jibu lilelile, linalotokana na baiasi tu. Nilikuwa natumia Adam, nikiamini kwamba kwa kuwa inagawa gradienti kwa ukubwa wake yenyewe, itaokoa hata gradienti ndogo. Haikuweza: kwenye kigawanyo chake kuna `eps` ya 1e-8, na gradienti yangu ilikuwa ndogo kuliko hiyo mara elfu nyingi. Siilaumu namba ya msingi ya maktaba. Kwa mtandao wa tabaka mbili au tatu upungufu huo ni mdogo, na mafunzo huufidia yenyewe.

Kabla ya kurekebisha nilijaribu upande wa pili, nikaweka mkengeuko wa 0.2. Sasa kila tabaka likazidisha kwa 2.26, na mara 30 hiyo ni zaidi ya bilioni 40. Kosa la kwanza kabisa lilijaza nafasi yake kwenye skrini kwa tarakimu, na nilipotumia SGD badala ya Adam, hatua ya pili ilitoa `nan`. Fikiria: 0.036 mtandao unakufa kimya, 0.2 unalipuka, na uhai uko karibu na 0.088. Upana wa dirisha hilo ndio ulionishtua kuliko chochote.

Zana ya kwanza basi ni mistari miwili kwa kila tabaka:

```python
nn.init.kaiming_normal_(tabaka.weight, nonlinearity="relu")
nn.init.zeros_(tabaka.bias)
```

Jina linatokana na Kaiming He, ambaye pamoja na wenzake walitoa kanuni hii mwaka 2015 kwa ajili ya ReLU. Glorot na Bengio walikuwa wametoa yao mwaka 2010, na hiyo ndiyo ya kutumia ukiwa na tanh. Nilipoiweka, namba za gradienti zilikaribiana kuanzia tabaka la kwanza hadi la 30, na kosa likaanza kushuka ndani ya mzunguko wa kwanza. Naipenda sana zana hii, maana haigharimu chochote wakati wa mafunzo. Udhaifu wake ni kwamba inakuhakikishia siku ya kwanza tu. Uzito ukishaanza kubadilika, hakuna anayeulinda mkengeuko ule.

`BatchNorm1d` inaulinda. Katika kila hatua inapima wastani na mtawanyiko wa kila neva ndani ya bechi, kisha inairudisha ishara kwenye kipimo cha 1. Nikiwa nayo niliweza kupandisha kasi ya kujifunza mara kumi bila kuvunja kitu, na uanzishaji mbaya ukaacha kuwa na madhara makubwa. Inataka bechi yenye mifano ya kutosha, na ukisahau `model.eval()` wakati wa kupima, jibu la picha moja litategemea picha zilizo jirani nayo.

Nilidhani nimemaliza, nikaenda tabaka 100. Mafunzo yakayumba tangu hatua ya kwanza. Nilipochapisha gradienti, safari hii zilikuwa zinakua kuelekea tabaka la kwanza, kama mara 1.2 kwa kila tabaka. Inaonekana ndogo, lakini 1.2 ikizidishwa kwa yenyewe mara 100 inafika makumi ya mamilioni. Usawazishaji wa BatchNorm unaishika ishara inayokwenda mbele. Kinachorudi nyuma haukishiki.

Hapo ndipo njia ya mkato ilipoingia: pembejeo ya tabaka mbili inajumlishwa na tokeo lake, na gradienti inapata barabara ya kurudi isiyozidishwa na uzito wowote. Nilikosea mara moja hapa. Niliitoa BatchNorm nikidhani haihitajiki tena, na nikaacha tawi, yaani zile tabaka mbili, na uanzishaji wa He. Tawi lina mtawanyiko sawa na njia kuu, kwa hiyo kila jumla inauzidisha kwa 2. Bloku 50 za tabaka mbilimbili zinakupa mtawanyiko wa 2 kwa kipeo cha 50, na ishara, ambayo hukua kwa mzizi wa hiyo, inakuzwa zaidi ya mara milioni 33. Nikaurudisha usawazishaji, ndani ya tawi tu:

```python
h = self.fc1(F.relu(self.bn1(x)))
h = self.fc2(F.relu(self.bn2(h)))
return x + h
```

Sasa kila tawi linaongeza kiasi kilekile badala ya kuzidisha, na baada ya bloku 50 mtawanyiko umekua kama mara 50 tu. Asiyetaka kabisa usawazishaji anaweza kuanzisha `fc2` kwa sifuri, ili siku ya kwanza kila bloku ipitishe pembejeo yake ilivyo. Nimeijaribu kwenye tabaka hizo 100 na inafanya kazi, ingawa ilinibidi kushusha kasi ya kujifunza kuliko nilipokuwa na BatchNorm.

Ile mistari mitatu ya kuchapisha gradienti sijaifuta. Inakimbia kwenye hatua ya kwanza ya kila mtandao mpya ninaoujenga, kabla sijaangalia kosa.